Namna ya Kutunga Shairi la Siku ya Zawadi Bila Kuwaumiza Watoto 57

Mwalimu mwenzangu, umeshakabidhiwa. Siku ya zawadi ni Ijumaa ijayo, kikao cha walimu kimekwisha, na mwalimu mkuu amesema kwa sauti ya mtu asiyetarajia kupingwa: "Shairi atatunga mwalimu wa Kiswahili." Masharti ni mawili. Lisifu waliofanya vizuri, na wasiopata kitu liwatie moyo. Hayo yote ndani ya dakika nne, kabla ya mgeni rasmi kuanza kutazama saa.

Mashairi ya siku hii tunayajua. Beti tatu za mwanzo zinapiga hodi, mbili zinamsifu mgeni rasmi kwa cheo chake chote, mbili nyingine zinamwita mshindi wa kwanza simba, tai na nyota. Ubeti wa mwisho ndio unaokumbuka kwamba darasa lina watoto wengine, ukawaambia poleni. Hapo watoto wanapiga makofi kwa sababu limekwisha.

Mwongozo huu ni wa kuliepuka shairi la namna hiyo. Tuchukue darasa la sita lenye wanafunzi 60 na zawadi tatu, na bahari tuliyoizoea ya tarbia: ubeti wenye mishororo minne, kila mshororo mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Kanuni hizi ndizo Sheikh Kaluta Amri Abedi alizoziandika kwa urefu mwaka 1954 katika Sheria za Kutunga Mashairi, nazo zinafaa sana uwanja wa shule, maana mtoto hukariri haraka kitu chenye mapigo yasiyobadilika.

Anza na mshororo wa mwisho

Watunzi wengi huanza na ubeti wa kwanza wakashuka nao. Wakifika kwenye kibwagizo wamechoka, wanaandika lolote lenye mizani ya kutosha. Wewe geuza kazi. Andika kibwagizo kwanza, na usiguse mshororo mwingine mpaka kikubaliwe na masikio yako.

Sababu yake ni hii. Mishororo mitatu ya kwanza ya kila ubeti ataighani mtoto mmoja, mwenye sauti nzuri. Kibwagizo kitaitikiwa na darasa zima. Shairi likiwa na beti sita, mshororo huo utatoka mara sita katika vinywa vya watoto 60, na 57 kati yao hawataitwa mezani. Kwa hiyo kibwagizo ni mali yao kuliko mtu mwingine yeyote pale uwanjani. Huo ndio mshororo watakaorudi nao nyumbani.

Sasa tazama kibwagizo hiki, cha aina inayosikika kila mwaka:

*Msioshinda poleni, na mwakani mtashinda.*

Mizani yake iko sawa. Ihesabu: m-si-o-shi-nda-po-le-ni, nane, na-mwa-ka-ni-m-ta-shi-nda, nane. Hesabu inayokataa ni ile nyingine. Zawadi ni tatu. Mwakani zitakuwa tatu. Hata kama watatu wa mwaka huu watakaa pembeni na zawadi zote ziende kwa wengine, watoto 54 watabaki mikono mitupu tena, safari hii wakiwa na ahadi iliyovunjwa. Mtoto wa darasa la sita ameshafundishwa kutoa. Anaijua hesabu hii hata usipomwambia.

Ubaya wa pili ni kwamba umewafanya watoto wajipe pole wenyewe, mara sita, kwa sauti, mbele ya wazazi wao. Adhabu kama hiyo ingeandikwa kwenye kitabu cha adhabu, mkaguzi angeuliza imetoka wapi.

Kibwagizo kinachofaa kina sifa tatu. Kiwe kweli kwa kila anayekitamka, awe wa kwanza au wa sitini. Kimpe mshindi wajibu badala ya sifa tupu. Na kimpe asiyeshinda jambo la kufanya lililo ndani ya uwezo wake, wala si matumaini ya kitu ambacho mwingine ndiye atakayekigawa. Jaribu hiki:

*Aliyejua afunze, asojua aulize.*

A-li-ye-ju-a-a-fu-nze, nane. A-so-ju-a-a-u-li-ze, nane. Ungeandika "asiyejua" ungepata mizani tisa, ndiyo maana tumetumia inkisari ya "asojua", iliyoruhusiwa tangu zamani na inayoeleweka kwa kila mzazi. Mshororo huu haumwambii mtu kwamba ameshindwa. Unagawa kazi mbili, na kila mtoto ana siku anapofanya hii na siku anapofanya ile. Aliyeongoza katika hisabati huenda ndiye anayemuuliza jirani yake maana ya methali.

Faida nyingine ni ya ufundi. Kibwagizo kisichobadilika kinasimama na vina vyake chenyewe, hivyo mishororo mitatu ya juu inaweza kubadili vina kila ubeti. Hutalazimika kutafuta maneno kumi na nane yanayoishia kwa silabi moja, kazi inayowafanya watunzi wengi waingize maneno ambayo hata wao hawajui maana yake.

Mgeni rasmi hahitaji mshororo

Mgeni rasmi ameshatajwa na mshereheshaji, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu na kiranja. Akitajwa na shairi pia, cheo chake hakitapanda. Salamu zote zimalizike ndani ya ubeti mmoja, na zielekezwe kwa wazazi, kwa kuwa ndio walioacha shughuli zao kuja kuwatazama watoto:

*Leo tupo uwanjani, wazazi mmetujia,*
*Zawadi zipo mezani, macho yanaangalia,*
*Nasi wa humu shuleni, neno tunawaachia,*
*Aliyejua afunze, asojua aulize.*

Ubeti umeshafanya kazi yake. Umesalimu, umetaja meza ambayo kila mtoto anaitazama, na umeleta kibwagizo. Hapana haja ya kupiga hodi mara ya pili ukiwa umeshaingia.

Msifu mtoto kwa alichofanya

Hapa ndipo mashairi mengi yanapojeruhi bila kukusudia. Sikiliza mshororo huu:

*Nyota yetu ya angani, nani atamfikia.*

Mtunzi alitaka kumkweza mmoja. Alichowaambia waliobaki 59 ni kwamba wasijisumbue kumfuata. Sifa za simba, tai, nyota na "kipaji cha kuzaliwa" zina kasoro moja: hakuna mtu anayeweza kuziiga Jumatatu asubuhi. Mtoto hawezi kuamka akaamua kuwa tai. Anaweza kuamua kurudia swali alilokosa.

Kwa hiyo kabla hujatunga, mfuate mwalimu wa darasa ukiwa na daftari, umuulize mambo mawili. La kwanza, huyu aliyeongoza alikuwa akifanya nini ambacho wengine hawakifanyi? La pili, ni nani aliyebadilika zaidi kati ya muhula wa kwanza na sasa, na alifanya nini? Usikubali jibu la "ana akili sana". Uliza tena mpaka upate kitendo kinachoonekana kwa macho.

Tuseme jibu la swali la kwanza ni hili: Rehema, aliyeongoza katika hisabati, hafungi daftari kabla hajamaliza maswali. Akikosa anafuta na kuanza upya. Na wakati wa mapumziko huketi kati ya wenzake wawili akiwaelekeza. Hapo ubeti umekwisha kujitunga:

*Rehema wa hisabati, hakulala na maswali,*
*Hakuingoja bahati, alifuta mara mbili,*
*Alikaa katikati, akiwafunza wawili,*
*Aliyejua afunze, asojua aulize.*

Mambo yote matatu yaliyosifiwa yanaweza kufanywa na mtoto yeyote mwenye penseli na kifutio. Hata kufuta kumetajwa, na kufuta ni ushahidi kwamba aliyeongoza naye alikosea. Mtoto wa mstari wa nyuma, ambaye daftari lake limejaa alama za kufuta, amesikia kitu kinachomhusu.

Sifa za namna hii zina uzito zaidi sasa. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha desturi ya kutangaza kumi bora. Kwa hiyo sifa ya hadharani anayoisikia mwanafunzi anayeongoza hutoka zaidi shuleni kwake. Ikiwa maneno yenyewe ni "simba" na "tai", shule imemlipa mtoto kwa majina ya wanyama.

Majina yana mizani yake, na hayabembelezwi

Jina la mshindi ndilo linalomtoa jasho mtunzi. Rehema ana mizani tatu, akaingia vizuri: Re-he-ma-wa-hi-sa-ba-ti, nane. Lakini usiku wa kuamkia Ijumaa walimu hujumlisha alama upya, na asubuhi unaambiwa aliyeongoza ni Juma. Ukiliweka jina la Juma pale pale unapata mizani saba, na mghani atavuta silabi moja mpaka wazazi wageuke. Jiandae mapema kwa kuandika nusu mbadala ya mshororo kwa kila urefu wa jina, kila moja ikiishia kwa "ti" ili ubeti uliobaki usiguswe:

Jina la mizani mbili: *Juma gwiji hisabati.*
La mizani tatu: *Rehema wa hisabati.*
La mizani nne: *Mwanaidi, hisabati.*
La mizani tano: *Emanueli kwa dhati.*

Huyo wa mwisho amelinyang'anya somo nafasi yake, na si hasara, mshereheshaji ameshalitaja. Usikate jina ili liingie. Bibi yake Emanueli amepanda daladala mbili kuja kulisikia lote. Kumbuka pia kwamba kitendo kinachosifiwa lazima kiwe cha mtoto huyo mpya. Ikiwa Juma hakuwafundisha wenzake wawili, ule mshororo wa tatu utungwe upya, hata kama ni saa mbili asubuhi, kwa maana wenzake wawili wanajua ukweli na wapo pale wanasikiliza.

Katika kuhesabu, jihadhari na "m" na "n" zinazosimama peke yake. Mtihani ni m-ti-ha-ni, mizani nne. Mwalimu ni mwa-li-mu, tatu, kwa kuwa "mwa" hutamkwa kwa pamoja. Nchi ni n-chi, mbili. Njia rahisi ni kugonga dawati kwa kidole, pigo moja kwa kila silabi, huku ukiimba mshororo. Wakati wa mazoezi, darasa zima likijikwaa mahali pale pale mara ya pili na ya tatu, usiwagombeze watoto. Rudi kwenye karatasi. Hapo pana mizani iliyozidi au iliyopungua.

Ubeti wa wasioitwa ukae katikati

Zawadi hutolewa kuanzia ya tatu kwenda ya kwanza. Mashairi hufuata mpangilio huo huo, kisha baada ya mshindi wa kwanza ndipo huja ubeti wa kuwatia moyo wengine. Wakati huo wazazi wanapiga vigelegele, wapiga picha wamesimama, na mama wa mshindi yuko njiani kuja na kanga ya kumtuza. Ubeti huo hausikiwi na mtu. Uweke kati ya ubeti wa zawadi ya pili na ule wa zawadi ya kwanza, wakati kila sikio bado limetega.

Maudhui yake yana makatazo mawili. Usiwaite wavivu, wala usiwaulize walikuwa wapi wenzao wakisoma. Huenda mmoja alikuwa kisimani na mwingine alikuwa akimlea mdogo wake, nawe utakuwa umemsuta hadharani kwa wimbo. Pili, usimtaje kwa jina mtoto aliyekuwa nyuma, hata kwa nia njema. Jina la mshindi likitajwa anapokea heshima. Jina la aliyekuwa hajui kusoma likitajwa, kijiji kizima kinapata habari.

Taja kitendo, uache jina. Hapa ndipo jibu la swali la pili linapofanya kazi. Mwalimu wa darasa amekuambia kuna mtoto aliyeanza mwaka akisoma kwa kubabaika, akawa haoni haya kunyoosha mkono, na sasa anasoma bila shida:

*Yupo aloanza mwaka, kusoma kukimtesa,*
*Leo kitabu kashika, asoma pasi kukosa,*
*Kuuliza hakuchoka, ndiyo siri yake hasa,*
*Aliyejua afunze, asojua aulize.*

Mtoto mwenyewe atajijua. Jirani yake wa dawati atajua. Na wale wengine waliokuwa wakibabaika kama yeye watajua njia aliyopita, kwa sababu ubeti umeisema wazi: aliuliza. Hilo ni tofauti na "msikate tamaa", maneno yanayomwambia mtoto asifanye jambo bila kumwonyesha la kufanya. Sharti ni kwamba liwe kweli. Ukimbunia mtoto maendeleo asiyoyapata, darasa litacheka, na kicheko hicho kitamfuata mpaka Krismasi.

Kuna watakaokushauri utumie ngonjera, mtindo ambao Mathias Mnyampala aliueneza nchini, ili watoto wawili wajibizane. Ngonjera ni nzuri pale pande mbili zinapobishana na mwisho zikakubaliana. Katika siku ya zawadi, mara nyingi mmoja hupewa sehemu ya mshindi na mwingine ya aliyeshindwa, kisha yule wa pili huongozwa mpaka akiri uvivu wake. Mtoto uliyempa sehemu hiyo ataitwa kwa jina la sehemu hiyo mwaka mzima. Kaa na tarbia.

Lifunge kwa kumshusha bingwa bila kumdhalilisha

Ubeti wa mwisho ndio unaounganisha pande mbili za shairi. Usiutumie kushukuru kwa kusikilizwa. Utumie kumwambia mshindi kwamba naye atahitaji msaada, na kumwambia asiyeshinda kwamba ndiye huenda akautoa:

*Bingwa wa leo sikia, kesho nawe hutajua,*
*Swali gumu likijia, jirani atafungua,*
*Vitabu tunatumia, kwa zamu tukichukua,*
*Aliyejua afunze, asojua aulize.*

Mshororo wa tatu umechukuliwa kutoka darasani kwao: vitabu ni vichache, vinapokezanwa. Kwako huenda ni madawati, au kompyuta moja ya shule. Weka kile ambacho watoto wanakigawana kweli.

Sasa jumlisha. Ubeti wa salamu, zawadi ya tatu, zawadi ya pili, wasioitwa, zawadi ya kwanza, na wa kufunga: beti sita. Ubeti wa tarbia ukiimbwa kwa mwendo wa kawaida huchukua kama nusu dakika, kwa hiyo shairi zima ni dakika tatu na kidogo, na dakika nne hujazimaliza. Kubaliana na mshereheshaji kwamba liimbwe baada ya washindi kutangazwa lakini kabla ya zawadi kuondoka mezani, la sivyo shairi litawatangaza washindi kabla yake, na hatakusamehe.

Mwisho, fanya jaribio moja kabla ya Ijumaa. Mchague mtoto ambaye una hakika hatapata zawadi, umpe karatasi ya shairi asome kwa sauti, peke yake, mbele yako. Usimwambie kwa nini umemchagua. Msikilize anapofika kwenye kibwagizo. Akikitamka kwa sauti ile ile aliyoanza nayo, shairi liko tayari. Sauti yake ikishuka, acha kumsahihisha matamshi. Chukua kalamu ubadilishe kibwagizo, kwa kuwa wapo 57 watakaokiimba, na yeye ni mmoja wao.